Dirisha lililokosa pa kukaa

Jumanne, usiku.

Siku tatu hizi nimekuwa nikigombana na dirisha. Si la ukutani, ni la programu yangu ndogo ya kuandikia kumbukumbu, ambayo naitumia mwenyewe kila siku, na wenzangu wachache wamekubali kuijaribu, wengine kwa mapenzi na wengine kwa kunionea huruma. Jumapili mmoja wao alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, dirisha lako limepandwa na pepo. Hebu liangalie." Nikacheka. Kisha akatuma video, na kicheko kikakatika.

Kwenye video ana skrini mbili mezani. Anashika upau wa juu wa dirisha na kulivuta polepole kutoka skrini ya laptopu kwenda ile ya nje. Likifika mpakani linaanza kutetemeka: linakuwa kubwa, linakuwa dogo, linakuwa kubwa tena, kila anaposogeza kipanya. Akilisukuma mbele zaidi linatulia. Akilirudisha kidogo, pepo anapanda upya.

Nami nina skrini mbili, tena za vipimo vilevile kama vyake: kila moja pikseli 1920 kwa 1080, ya laptopu imekuzwa hadi asilimia 150 kwa kuwa ni ndogo, na ya nje imeachwa kwenye 100. Nikalivuta dirisha langu huku na huko kwa dakika kumi nzima. Halikutetemeka hata mara moja. Nilimjibu neno ambalo naliandika hapa kwa aibu: "Mbona kwangu liko sawa?"

"Basi hamia kwenye meza yangu," akasema.

Kabla ya kuanza kuchimba nilitaka kujua mkosaji ni nani, Windows au mimi. Hilo si gumu kulitambua. Programu isiyojua lolote kuhusu ukuzaji wa skrini haiguswi na mpaka. Windows yenyewe huivuta picha yake kama mpira, na unaona maandishi yamekuwa na ukungu kwenye skrini iliyokuzwa. Ikiwa maandishi ni makali lakini vipimo ndivyo vinavyofanya vituko, ujue programu imejitwika kazi hiyo yenyewe. Kwenye Task Manager, upande wa Details, unaweza kuongeza safu iitwayo DPI Awareness ikuambie kila programu imejitangazaje. Yangu imeandikwa Per-Monitor (v2). Nilijitangaza mwenyewe, kwa fahari, kwamba nitashughulikia kila skrini kwa kipimo chake. Kwa hiyo mkosaji ni mimi.

Windows hupima ukuzaji kwa DPI, yaani nukta kwa kila inchi: asilimia 100 huhesabiwa kuwa 96 DPI, na asilimia 150 kuwa 144. Dirisha likiwa limekaa juu ya skrini mbili, huhesabiwa kuwa la ile iliyobeba sehemu kubwa zaidi yake. Sehemu hiyo ikihama, programu hupelekewa ujumbe wa `WM_DPICHANGED` wenye kipimo kipya. Nami nilikuwa nimeupokea hivi:

```cpp
case WM_DPICHANGED:
    dpi = HIWORD(wParam);
    SetWindowPos(hwnd, NULL, 0, 0,
        MulDiv(upana, dpi, 96), MulDiv(kimo, dpi, 96),
        SWP_NOMOVE | SWP_NOZORDER | SWP_NOACTIVATE);
    return 0;
```

Upana ni 800, kimo ni 600. Kwenye skrini ya nje dirisha linakuwa 800 kwa 600, na kwenye laptopu 1200 kwa 900. Hesabu imenyooka. Niliisoma mara nne nisione kasoro, nikaenda kulala nikiwa nimenuna.

Kilichonifungua macho jana ni jambo dogo alilolisema mwenzangu kwa kupita. Akitumia Win+Shift na mshale, dirisha linahamia skrini ya pili bila kutetemeka hata kidogo. Maana yake kubadilika kwa kipimo si tatizo. Tatizo ni kukaa mpakani. Njia ya mshale hulirusha dirisha zima upande wa pili, lakini mkono unaovuta hulipitisha pikseli kwa pikseli. Nikaitazama video tena, safari hii nikiacha kuliangalia dirisha na kuiangalia meza. Laptopu yake iko kushoto. Yangu iko kulia.

Nikafungua mipangilio ya skrini, nikabadilisha mahali pa vile visanduku viwili vyenye namba 1 na 2, nikalivuta dirisha. Pepo huyo hapo, nyumbani kwangu.

Nikachukua karatasi. Tuseme laptopu iko kushoto, kuanzia pikseli 0, na mpaka uko 1920. Dirisha lina upana wa 1200 na ninalivuta kwenda kulia. Ukingo wake wa kushoto ukifika 1321, ukingo wa kulia uko 2521: pikseli 599 zimebaki kwenye laptopu na 601 zimevuka. Sehemu kubwa imevuka, ujumbe unakuja, kipimo ni 96. Msimbo wangu unaushikilia ukingo wa kushoto palepale na kupunguza upana hadi 800. Sasa dirisha linaanzia 1321 na kuishia 2121. Hesabu tena: pikseli 599 ziko kwenye laptopu, na zilizovuka zimebaki 201 tu! Nililipunguza kwa kulikata upande uleule uliokuwa umevuka, kwa hiyo nimelirudisha nyumbani. Windows inaona sehemu kubwa iko kwenye laptopu, inatuma ujumbe wa 144. Ninalipanua hadi 1200, upande wa kulia, linavuka. Ujumbe wa 96. Linapungua, linarudi. Windows haina kosa lolote hapo. Inajibu kwa uaminifu kila ninachofanya.

Nilipoendelea na hesabu nikapata picha ambayo nadhani sitaisahau. Dirisha pana linahesabiwa la kulia ukingo wake wa kushoto ukipita 1320. Dirisha jembamba linahesabiwa la kushoto hadi ukingo huo ufike 1520. Kati ya 1320 na 1520, basi, kuna ukanda wa pikseli 200 ambamo dirisha pana linatakiwa liwe jembamba na jembamba linatakiwa liwe pana. Hakuna umbo linaloweza kutulia humo. Ukilipitisha haraka huoni kitu. Mwenzangu ni mtu wa mkono wa taratibu.

Sasa igeuze meza iwe kama yangu, laptopu kulia. Ukanda ni uleule, lakini mambo yamepinduka: humo ndani dirisha pana linahesabiwa la laptopu, ambako linatakiwa liwe pana, na jembamba linahesabiwa la skrini ya nje, ambako linatakiwa liwe jembamba. Yote mawili yanatulia. Unaweza hata kulirudisha nyuma kidogo na lisibadilike. Miezi yote hii nilidhani nimeandika kitu kizuri, kumbe ni laptopu tu iliyokaa upande wa bahati.

Dawa yake haihitaji ujanja. Ujumbe huo huja na mstatili uliokwisha pimwa, ndani ya `lParam`, nami nilikuwa nautupa. Mstatili huo haukuwekwa pale kama pambo. Umechaguliwa ili dirisha lisirudi lilikotoka na kuzusha ujumbe mwingine, na pia ili kipanya kibaki palepale ulipolishika. Hilo la pili sikuwa nimelifikiria kabisa. Katika mfano wangu, kama ningekuwa nimelishika dirisha pikseli 1000 kutoka kushoto, kipanya kingekuwa 2321, na dirisha langu lililopungua lingeishia 2121. Kidole bado kimebonyeza, nacho kimeshika hewa.

Kwa hiyo nikafuta hesabu zangu na kutii:

```cpp
case WM_DPICHANGED: {
    RECT* r = (RECT*)lParam;
    SetWindowPos(hwnd, NULL, r->left, r->top,
        r->right - r->left, r->bottom - r->top,
        SWP_NOZORDER | SWP_NOACTIVATE);
    dpi = HIWORD(wParam);
    return 0;
}
```

Kutetemeka kukaisha papo hapo. Nikamtumia mwenzangu toleo jipya, nikajipongeza, nikafunga kompyuta. Asubuhi ya leo: "Kaka, pepo ametoka ila dirisha limenenepa."

Kweli. Alikuwa na dirisha la 1200 kwenye laptopu, akalihamisha kwenda skrini ya nje, likawa 900 badala ya 800. Akalirudisha, likawa 1350. Baada ya hapo lilibaki hivyo, 900 huku na 1350 kule, haliongezeki tena. Hilo la kutoongezeka ndilo lililonionyesha mahali pa kutafuta, kwa sababu makosa ya kukadiria desimali huwa ya pikseli moja moja, tena hayana sakafu. Hapa palikuwa na sakafu, na sakafu yenyewe ilikuwa 900 kamili.

Programu yangu hairuhusu dirisha liwe jembamba kuliko 600, kipimo hicho kikizidishwa kwa ukuzaji wa skrini, na jibu hilo hutolewa Windows inapouliza kwa `WM_GETMINMAXINFO`. Kwenye laptopu ni 900. Sasa tazama mpangilio wa mistari hapo juu: naita `SetWindowPos` kwanza, ndipo nabadilisha `dpi`. Windows, kabla ya kulibana dirisha liwe 800, inauliza mwisho wake wa chini ni upi. Programu inajibu kwa kipimo cha skrini iliyoachwa: 900. Dirisha linazuiwa hapo. Kurudi kwenye laptopu ni 900 mara moja na nusu, 1350. Katika msimbo wa zamani mstari wa `dpi` ulikuwa juu. Niliushusha mwenyewe wakati wa kusafisha, kwa sababu ulionekana unapendeza zaidi huko chini.

Nimeupandisha. 1200, 800, 1200, 800. Nimelivusha dirisha mpakani mara ishirini, laptopu ikiwa kushoto, kisha kulia, kisha juu ya ile nyingine. Juu na chini ni habari ileile, ila hapo kimo ndicho kinachoamua badala ya upana, na sikuwa nimewahi kupajaribu.

Kisanduku cha kutafutia maneno bado kinafunguka kikiwa na herufi kubwa mno kama dirisha lilizaliwa kwenye laptopu likahamia nje. Fonti naitengeneza mara moja tu, programu inapoanza. Mwenzangu hajaliona hilo. Nina hadi asubuhi.