Mama Mwenyekiti alipotangaza jina

Jana kikundi chetu cha hisa kimepata jina jipya, na usiku nilikuwa nawaza hotuba ya Mama Mwenyekiti kuliko jina lenyewe. Hotuba za kutangaza mshindi nimezisikia nyingi, za misikitini, za shuleni, za vyama vya ushirika. Mtu anashukuru wageni, anashukuru wenyeji, anataja mshindi, vigelegele, soda. Ya jana ilikuwa ya hesabu tupu karibu mwanzo hadi mwisho, na bado hakuna aliyepiga miayo.

Kwa asiyetujua: sisi ni wanawake 27 katika kijiji kimoja cha Muheza, wengi wetu wa machungwa na mihogo, wawili wana viduka, mmoja anashona. Kila Jumatano alasiri tunakaa kwa duara, kila mtu kwa namba yake, na kununua hisa kuanzia moja hadi tano. Hisa moja ni shilingi 2,000. Shilingi 500 za mfuko wa jamii zinakaa kwenye kifuko chake pembeni, za misiba na wagonjwa, hazikopeshwi. Fedha zinalala kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti na wala si kwa mweka hazina anayelala nalo nyumbani. Utaratibu huu wa sanduku na hisa ulianzia Niger mwaka 1991, ukasambaa nchi nyingi za Afrika, na nadhani umedumu kwa sababu haumtaki mtu yeyote aaminiwe peke yake. Mimi ni mmoja wa wahesabu fedha wawili, kwa hiyo kura nilizihesabu kwa mikono yangu.

Tatizo la jina la zamani lilikuwa hili. Tulijiita kwa jina la kitongoji chetu, na kitongoji hicho hicho kikazaa kikundi cha pili, wakaongeza herufi B nyuma. Sisi tukawa A bila kupenda. Rejesho la mtu wa B likaletwa kwetu, barua yetu ikasomwa kwao. Hayo tungeyavumilia. Lakini tangu ije Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama vyetu vinahesabiwa daraja la nne na vinasajiliwa halmashauri, na bila cheti huwezi kusogelea ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo nne kati yake ni za wanawake. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alituambia wazi kwamba A na B zitamchanganya yeye, zitaichanganya na benki, twendeni tukatafute jina letu.

Yakapendekezwa majina matatu: Tupendane, Songambele, na jina la marehemu mama aliyelitunza sanduku letu miaka ya mwanzo, wakati bado tulikuwa tunalificha chini ya kuni. Jina lake silitaji hapa, wanawe wako hai na hawajaniruhusu.

Upigaji kura aliupanga Mwenyekiti mwenyewe. Kuna bibi wanne ambao hawasomi, na yeye hakutaka wasomewe sikioni na mtu mwingine, maana hapo siri imekwisha. Mmoja akasema tutumie makopo ya rangi. Akakataa papo hapo: kijani itasemwa ni chama fulani, bluu chama kingine, tutatoka hapa tumepiga kura ya diwani. Basi nyuma ya kanga iliyotundikwa kwenye mlango wa banda yakawekwa makopo matatu, mbele ya moja muhogo, mbele ya la pili chungwa, mbele ya la tatu nazi, na kila jina likatajwa mara tatu pamoja na kitu chake. Kila mwanachama alipewa kikaratasi kimoja chenye mhuri wa kikundi. Tuliwahi kutumia punje za mahindi kwenye uchaguzi wa viongozi, na shida ya punje ni kwamba kila mtu anazo mfukoni.

Tulikuwa 26, mwenzetu mmoja anauguza hospitalini. Duru ya kwanza: Tupendane 11, Songambele 9, marehemu 6. Kwa watu wengi hapo mchezo umeisha, mwenye 11 kashinda. Wenye Tupendane wakaanza kupiga vigelegele kabisa. Lakini jina limeandikwa kwenye katiba, ibara ya kwanza, na katiba yetu inasema haibadilishwi ila kwa theluthi mbili ya wanachama wote, si ya waliohudhuria. Theluthi mbili ya 27 ni 18. Hakuna aliyefika. Ikabidi duru ya pili kwa mawili ya juu.

Kabla ya duru ya pili Katibu akaomba nafasi, akasoma ujumbe uliotoka kwa afisa maendeleo: Tupendane tayari iko, imesajiliwa kata ya jirani, halmashauri hiyo hiyo. Tukilichagua, fomu itarudi. Mnong'ono ulioinuka pale! Mmoja akauliza kwa sauti, mbona hayo hayakusemwa tangu asubuhi? Swali la haki kabisa. Katibu akasema ujumbe umeingia wakati tunahesabu, akazungusha simu watu waone saa.

Tukapiga tena. Songambele 19, Tupendane 7.

Hapo ndipo Mama Mwenyekiti aliposimama. Nilikuwa nimempa karatasi ya matokeo, nikategemea ataanza na jina. Akaanza na daftari la mahudhurio. "Ndugu wanachama, tuliojiandikisha leo ni ishirini na sita. Vikaratasi vilivyotolewa ishirini na sita. Vilivyorudi ishirini na sita. Mwenye namba nyingine aseme sasa." Akanyamaza kweli, akazungusha macho duara lote. Nilihesabu pumzi zangu pale. Hakuna aliyesema. Halafu akasoma kura: ya muhogo saba, ya chungwa kumi na tisa. "Katiba ilitaka kumi na nane. Imezidi moja." Na baada ya hapo ndipo akataja jina.

Mpangilio huo naona ulikuwa na maana kubwa. Angetangaza jina kwanza, wale saba wangeanza kuzisikiliza namba kwa hasira, wakitafuta palipoibwa. Kwa kuwa namba zilitangulia na zilikubaliwa na kila mtu zikiwa bado hazina mwenyewe, jina lilipofika lilikuta mlango umeshafungwa.

Hakuishia hapo. Jambo la simu ya Katibu alilisema yeye mwenyewe bila kuchokozwa. Alisema duru ya kwanza Tupendane iliongoza, na wote tumeona. Kura nne zimehama kutoka kwao, na zimehama kwa sababu ya habari iliyokuja katikati. "Anayeona ameonewa, muhtasari utaandika duru zote mbili na saa ya ujumbe. Asiandikiwe vizuri, akatae kusaini." Mimi ningeliruka jambo hilo, niseme kweli, ningeona ni kuchokonoa kidonda. Yeye alilitoa hadharani, na jioni sikusikia mtu akilizungumza njiani.

Kuhusu marehemu alisema maneno machache. Kwamba zile kura sita hazikuwa chache, ni watu sita wanaokumbuka. Kwamba sanduku lile lile alilolificha ndilo lipo mbele yetu. Akapita. Binti yake, ambaye ni mwanachama namba 14, alijifuta uso kwa upande wa mtandio, na Mwenyekiti hakumgeukia kumfanya tamasha.

Sehemu ndefu zaidi ya hotuba ilikuwa ya vitu visivyobadilika. Hapa palikuwa na hofu ambayo mimi sikuitegemea. Bibi mmoja wa upande wangu alikuwa amenikanyaga mguu tangu mwanzo akiniuliza: mwanangu, na zile hisa zangu za jina la zamani je? Na upande wa pili walikuwepo wanaowaza kinyume chake, kwamba deni la kikundi kilichokufa linakufa nacho. Mwenyekiti alijua yote mawili. Akafungua leja, akasoma: wenye mikopo ni kumi na mmoja, jumla ya deni ni shilingi 2,340,000, mfuko wa jamii una 186,500. "Jina limebadilika, deni halijabadilika. Aliyekopa jana akiwa A atarejesha akiwa Songambele, tarehe ile ile, riba ile ile. Na mhuri uliogongwa kwenye kijitabu chako ni hisa yako mpaka siku ya mgawo." Bibi akaniachia mguu.

Hapa ndipo ninapotofautiana naye kidogo. Kwa maoni yangu jina lingesubiri mgawo. Mwisho wa mzunguko mikopo yote imerudi, kila mtu amebeba chake, sanduku liko tupu, unaanza na jina jipya na vijitabu vipya bila maswali. Kubadili katikati, huku machungwa ya watu bado yako mtini na madeni nje, ni kutafuta kazi. Nilimwambia baadaye, akanijibu, "Dada, fomu za mkopo wa halmashauri haziningojei mimi nigawe." Sikuwa na jibu.

Vijitabu havitanunuliwa vipya sasa; jina la zamani litapigwa mstari mmoja jalada, jipya litaandikwa juu, na Katibu atasaini kando. Kusugua au kubandika karatasi hairuhusiwi. Akaunti ya benki itabaki na jina la zamani hadi benki ipokee muhtasari wenye saini zetu wote, katiba iliyorekebishwa na cheti. Na hapo Mwenyekiti akatuweka dakika kumi nzima kwenye jambo moja: Songambele inaandikwaje? Katibu alikuwa ameandika ubaoni maneno mawili, kwenye rasimu ya muhtasari neno moja. Mama mmoja akacheka, si ni kitu kimoja hicho. Si kimoja benki. Kikundi cha shangazi yangu kilikaa miezi bila kugusa fedha zake kwa sababu cheti kilikuwa na nafasi kati ya maneno na fomu ya akaunti haikuwa nayo. Tukainua mikono: neno moja. Likaandikwa kwenye muhtasari kwa herufi kubwa, herufi moja moja, Mwenyekiti akilitaja kwa sauti.

Baada ya hapo washika funguo waliitwa, sanduku likafunguliwa, tukanunua hisa kama Jumatano yoyote. Mhuri wa zamani umerudishwa ndani ya sanduku, utagonga vijitabu hadi benki imalize yake, kisha utachomwa mbele ya wanachama. Mpya ataagiza Katibu mjini wiki ijayo, na amekatazwa kulitaja jina kwa mdomo kwa mchonga mihuri. Ampe karatasi.