Hedhi nzito na damu za pua: mimi shida ilikuwa von Willebrand

Nimechoka kusikia "ni kawaida yenu kwenye ukoo". Ukibadilisha pedi kila saa na usiku unaamka kwa ajili hiyo, na mabonge makubwa yanatoka, hiyo sio kawaida hata kama mama na shangazi nao wako hivyo. Kwetu von Willebrand, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, ilitoka kwa baba, yeye aling'olewa jino akavuja damu mpaka kesho yake. Na wale wanaosema magonjwa haya ni ya wanaume wanachanganya na hemofilia, hii ya von Willebrand inarithiwa na wote, kutoka kwa mzazi yeyote.

Hospitali ya kwanza walipima chembe sahani na muda wa damu kuganda, vyote safi, nikarudishwa na vidonge vya madini ya chuma tu. Kumbe kinachopungua ni protini ya von Willebrand, ndiyo inanatisha chembe sahani kwenye kidonda na pia inabeba fakta nane, protini nyingine ya kugandisha damu, sasa fakta nane ikipungua kidogo tu kile kipimo cha kuganda kinaweza kuonekana kizuri kabisa. Lazima waombe kipimo cha protini yenyewe. Nacho mara ya kwanza kilikaribia kawaida! Daktari wa kliniki ya hemofilia akaniuliza siku ile nilikuwa na hali gani, nikamwambia nilikuwa na homa kali. Akasema basi turudie ukipona, maana homa, msongo, mimba na vidonge vya majira vyenye estrojeni vinaweza kuipandisha. Kurudia ikatoka asilimia 20 na kitu, wakati watu wengi wana kuanzia 50.

Dawa iliyonisaidia ni traneksamiki, gramu 1 mara tatu kwa siku, siku 3 hadi 5. Naanza damu inapoanza tu, sisubiri ifurike, kwa sababu dawa inalinda bonge lililokwishaganda lisiyeyuke. Kama umewahi kuganda damu mguuni au unakojoa damu usijianzishie, ongea na daktari. Na maumivu ya tumbo ni parasetamo, aspirini na diklofenaki nimeacha kabisa, zinazidisha damu.

Sasa pua. Kila mtu atakwambia inua kichwa juu, hapana, damu inashuka kooni unatapika. Nakaa, nainama mbele, nabana ile sehemu laini chini ya mfupa dakika 15 kwa saa ya ukutani, bila kuachia kuchungulia, hapo ndipo wengi wanaharibu. Ikigoma, nesi alinifundisha kusaga kidonge cha traneksamiki kwenye maji kidogo, nalowesha shashi, naiingiza puani, nabana tena. Inashika! Mdogo wangu aliona kwa macho yake akanyamaza na ndoo yake ya maji baridi. Ikipita nusu saa haijakata, tunaondoka kwenda hospitali, na karatasi yenye jina la ugonjwa iko kwenye pochi.

Sasa hivi damu yangu imepanda, na baba naye kakubali kupimwa kabla ya kung'oa jino jingine.