Siku moja maishani mwangu: kiungo cha kuingilia kinapoishia kwenye kivinjari

Saa mbili asubuhi

Ninatengeneza programu ya simu inayotumiwa na vikundi vya kuweka na kukopa, nikiwa Dar es Salaam. Programu yetu haina nywila. Mwanachama anaandika anwani yake ya barua pepe, seva inamtumia kiungo, anakibonyeza, na programu inafunguka akiwa tayari ameshaingia. Hayo ndiyo makusudio. Asubuhi hii dada Rehema wa dawati la huduma kwa wateja ameniletea malalamiko yanayofanana: tangu toleo jipya lilipotoka dukani, watu wanabonyeza kiungo, Chrome inafunguka badala ya programu, na ukurasa unawaambia kwamba kiungo kimeshatumika.

Lililonishtua zaidi ni hilo la pili. Kivinjari kufunguka ni usumbufu, lakini mtu kuambiwa kwamba ametumia kitu ambacho hajakitumia ni kumnyima haki ya kuona akiba yake mwenyewe. Nimemwomba Rehema aniunganishe na mmoja wa waliolalamika.

Saa tatu asubuhi

Aliyepokea simu ni mama mweka hazina wa kikundi cha Tegeta. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwomba anieleze alichokiona, hatua kwa hatua, bila kuruka kitu.

“Mwanangu, nimebonyeza mara moja tu,” alisema. “Ikaja rangi nyeupe kidogo, halafu ikaja intaneti, halafu ikaniambia kiungo kimetumika. Nimekitumia saa ngapi?”

Maneno yake yalinipa zaidi ya nilichopata kwenye kumbukumbu za seva. “Rangi nyeupe kidogo” ilimaanisha kwamba kuna ukurasa mwingine uliopitiwa kabla ya wetu. Nikamwomba abonyeze kiungo kwa kukishikilia, anakili anwani yake na kumtumia Rehema. Anwani iliyokuja haikuanza na kikoa chetu. Ilianza na kikoa cha huduma tunayoitumia kutuma barua pepe, ikifuatiwa na mlolongo mrefu wa herufi.

Huduma za namna hiyo zina kipengele cha kuhesabu mibofyo. Kikiwa kimewashwa, kila kiungo ndani ya barua huandikwa upya ili kipite kwanza kwenye seva yao, ambayo huhesabu mbofyo kisha humwelekeza msomaji kwenye anwani halisi. Kwa barua ya matangazo hakuna ubaya. Kwa kiungo cha kuingilia ni balaa, kwa sababu Android huamua ni programu gani ifungue anwani kwa kuangalia kikoa kilichobonyezwa, nacho si chetu. Simu inafungua kivinjari, na kivinjari ndicho kinachofika kwetu baada ya kuelekezwa. Hapo huenda Chrome ikaikabidhi programu anwani hiyo, na huenda isiikabidhi. Kwenye iPhone, mara nyingi mtu hubaki Safari. Jambo lisilotabirika namna hiyo halifai kuwa mlango wa kuingilia.

Nikazima uhesabuji wa mibofyo kwa barua za kuingilia peke yake, nikajitumia kiungo, nikahakikisha kwamba anwani iliyomo inaanza na kikoa chetu. Nikakibonyeza kwenye simu ya majaribio ambayo programu yake ilitoka dukani. Chrome ikafunguka tena.

Saa tano asubuhi

Hapa inabidi nieleze Android inavyothibitisha kikoa. Mtu yeyote anaweza kuandika ndani ya programu yake kwamba inashughulikia anwani za kikoa fulani, kwa hiyo simu haiamini kauli hiyo peke yake. Programu inaposakinishwa, mfumo huenda kusoma faili liitwalo `assetlinks.json` kwenye tovuti ya kikoa hicho, chini ya njia ya `/.well-known/`. Faili hutaja jina la kifurushi cha programu na alama ya SHA-256 ya cheti kilichotumika kuitia saini. Vikilingana, kikoa kimethibitishwa. Visipolingana, kuanzia Android 12 iliyotoka mwaka 2021, anwani huenda kwenye kivinjari moja kwa moja. Matoleo ya zamani yalikuwa yakimuuliza mtumiaji achague. Mabadiliko hayo yameongeza usalama, lakini yamefanya kasoro ndogo ya faili ionekane kwa mtumiaji kama programu iliyokufa.

Nikaunganisha simu kwenye kompyuta na kuuliza hali ya uthibitisho. Majina nimeyabadilisha:

```
adb shell pm get-app-links tz.example.kikoba

tz.example.kikoba:
  Signatures: [7B:04:D1:...]
  Domain verification state:
    ingia.kikoba.example: 1024
```

Kama uthibitisho ungefaulu, mbele ya kikoa pangeandikwa `verified`. Namba 1024 au zaidi ni ya kosa linalotoka kwa kithibitishaji cha simu husika. Jibu lilikuwa mstari wa juu yake. Alama ya saini ya programu iliyomo kwenye simu inaanza na 7B:04, ilhali alama iliyokuwa kwenye faili letu ilianza na E2:9A. Hivyo ni vyeti viwili tofauti.

Chanzo chake kinajulikana na kila aliyewahi kupakia programu Play Store kwa utaratibu wa sasa. Mtengenezaji huitia programu saini kwa ufunguo wa kupakia, kisha duka huiondoa saini hiyo na kutia nyingine kwa ufunguo linaoutunza lenyewe. Faili letu lilitaja ufunguo wa kupakia. Programu iliyojengwa ofisini na kusakinishwa kwa waya ilithibitika bila tatizo, na ile ambayo mteja anaipata dukani haikuweza kuthibitika kamwe.

Kuna jambo jingine lililokuwa linaficha kasoro hii. Amri iliyokuwa kwenye orodha yetu ya majaribio ilitaja jina la kifurushi mwishoni. Ukimtajia mfumo kifurushi, unauagiza ufungue programu hiyo hiyo, na uthibitisho wa kikoa haupimwi hata kidogo. Jaribio la kweli halitaji kifurushi:

```
adb shell am start -a android.intent.action.VIEW \
  -c android.intent.category.BROWSABLE \
  -d "https://ingia.kikoba.example/thibitisha"
```

Saa saba mchana

Alama sahihi inapatikana Play Console, kwenye sehemu ya utiaji saini wa programu. Faili linaruhusu alama zaidi ya moja, kwa hiyo nimeziweka zote mbili ili na matoleo ya ofisini yaendelee kufanya kazi. Kabla ya kuirudia simu nimelikagua faili lenyewe kwa `curl -i`: lazima lije kwa HTTPS, aina yake iwe `application/json`, na lisielekezwe kwingine, hata kama ni kutoka kwenye anwani isiyo na `www` kwenda yenye `www`. Kisha nikaiagiza simu ithibitishe upya:

```
adb shell pm verify-app-links --re-verify tz.example.kikoba
```

Baada ya muda mfupi, hali ikasomeka `verified`. Nikabonyeza kiungo ndani ya Gmail, na programu ikafunguka papo hapo. Nikaenda kula.

Kwa iPhone utaratibu unakaribiana, ila faili linaitwa `apple-app-site-association`, na tangu iOS 14 ya mwaka 2020 simu hailisomi kwenye seva yako moja kwa moja, bali kupitia seva za Apple. Ukirekebisha faili leo, usitegemee kila simu ilione leo. La kwetu lilikuwa sahihi, kwa hiyo upande huo kilichokuwa kinatuumiza ni kuhesabu mibofyo peke yake.

Saa tisa alasiri

Mwenzangu anayeshughulikia seva alidhani kazi imekwisha. Nilimwambia bado, kwa sababu swali la mama wa Tegeta halijajibiwa: kiungo kilitumika saa ngapi?

Programu yetu inatumia utaratibu wa PKCE. Mtu anapoomba kiungo, programu hutunga siri ya nasibu, huihifadhi ndani ya simu, na huipelekea seva muhtasari wake tu. Kiungo kinaporudi na msimbo, programu hupeleka msimbo huo pamoja na siri, na seva ikiona vinalingana humfungulia. Siri iko ndani ya programu, kivinjari hakina. Kwa hiyo kiungo kikifunguka Chrome, kuingia hakuwezekani hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Ukurasa wetu wa wavuti hata hivyo ulikuwa unautekeleza msimbo mara tu unapofunguliwa, unashindwa, na unaacha msimbo ukiwa umekufa. Mteja akirudi kubonyeza tena, anaambiwa kimetumika.

Kuna barua pepe za maofisini ambazo mifumo yake ya ulinzi hufungua kila kiungo kabla mwenye barua hajaiona, ili kukagua kama kina hatari. Watu hao walikuwa wanakuta kiungo kimekufa hata kabla ya kukibonyeza.

Tumekubaliana kwamba kufungua anwani kusiharibu chochote. Ukurasa sasa unaonyesha kitufe kimoja, “Fungua programu”, na msimbo hautumiki mpaka programu yenyewe iuwasilishe pamoja na siri. Kwenye Android kitufe hicho kinatumia anwani ya `intent:`, ambayo Chrome huikubali mtu anapobonyeza kwa mkono wake:

```
intent://ingia.kikoba.example/thibitisha?code=...
#Intent;scheme=https;package=tz.example.kikoba;end
```

Kwenye ukurasa halisi huo ni mstari mmoja. Kwa iPhone, kitufe kinachoelekea kikoa kile kile ambacho mtu yuko humfanya abaki Safari, kwa hiyo tumekielekeza kwenye kikoa kidogo kingine kilichosajiliwa ndani ya programu. Wapo wanaopendelea anwani ya aina ya `kikoba://`. Siipendi, kwa sababu programu nyingine yoyote inaweza kuidai. PKCE ingezuia wizi wa akaunti, lakini mteja angejikuta kwenye programu asiyoijua.

Saa kumi na moja jioni

Seva mpya imepanda. Rehema amempigia tena mama wa Tegeta na kumtumia kiungo kipya, akakibonyeza, programu haikufunguka, Chrome ikaja. Simu yake ilikuwa bado inashikilia matokeo ya uthibitisho ulioshindwa. Safari hii, hata hivyo, alikuta kitufe, akakibonyeza, akaingia. Wengine walio kama yeye watathibitishwa upya watakaposakinisha toleo lijalo, na mpaka wakati huo kitufe kitawavusha.

Bado kuna kundi ambalo hakuna faili wala kitufe kitakacholisaidia: wale wanaoomba kiungo kwa simu na kuisomea barua kwenye kompyuta ya ofisi au ya sehemu ya intaneti. Pale hakuna programu ya kufungua, na siri iko kwenye simu iliyo mfukoni. Kwao, barua ile ile itabeba tarakimu sita za kuandika ndani ya programu, zitakazodumu dakika 10 na kufungwa baada ya majaribio machache yenye makosa. Mwenzangu ameanza upande wa seva. Kisanduku cha kuandikia tarakimu nitakiweka kesho kwenye skrini ile ile inayosema “Angalia barua pepe yako”, ili mtu asilazimike kukitafuta.