Dipoli mbili, matawi manne: kosa lilikuwa kwenye nusu

Nilikuwa na antena mbili za dipoli zilizosimama wima, zimetengana nusu ya urefu wa wimbi na kulishwa kwa fezi moja. Mchoro wangu wa mionzi, uliotazamwa kutoka juu, ulitoa matawi manne, na kwenye nyuzi 60 ukaonyesha sifuri. Sikuuamini.

Nikaikagua nyuzi 60 kwa mkono, pembe θ ikipimwa kutoka kwenye mstari unaounganisha antena. Wimbi moja hutangulia jingine kwa d·cos60°, d ikiwa umbali kati ya antena, yaani robo ya urefu wa wimbi, sawa na fezi ya nyuzi 90. Mawimbi mawili yaliyopishana hivyo hayafutani. Jumla yake ni mara 1.41 ya wimbi moja. Basi fomula ndiyo ilikuwa mbovu.

Nilikuwa nimeandika cos(π cosθ), nikasahau kugawa tofauti ya fezi kwa mbili. Kizidishi sahihi cha safu ni:

```
AF = 2*cos((pi/2)*cos(theta))
```

Kwa kosa lile nilikuwa nimechora antena zilizotengana wimbi zima. Baada ya kurekebisha yakabaki matawi mawili, nyuzi 90 na 270, pembeni mwa mstari. Kwenye mstari wenyewe, nyuzi 0 na 180, mawimbi hupishana nusu wimbi na kufutana kabisa.