Nilifanya cheti cha Scrum na mi si mtu wa programu, haya ndo niliyoyapata

Mi kazi yangu ni mawasiliano, niko kwenye shirika la afya ya jamii hapa Mwanza, nashughulika na mabango, vipeperushi, vipindi vya redio. Mwaka 2022 nikawa naona matangazo ya kazi za kuratibu miradi yanataka mtu anayejua Agile, yaani kufanya mradi kwa vipande vifupi na kurekebisha njiani, na Scrum ni mojawapo ya njia zake, nikasema ngoja nikipate cheti chake. Hela ilikuwa yangu, shirika halikutoa hata senti, kwa hiyo nilichagua kwa uangalifu.

Njia nilizoziangalia ni mbili. Ya kwanza CSM ya Scrum Alliance, hii huwezi kufanya mtihani mpaka ukae darasani kwanza kama siku 2 na mwalimu wao, na ada ya darasa ndo inauma, halafu kila baada ya miaka 2 unalipa dola 100 na kuonyesha kwamba umeendelea kujifunza, la sivyo cheti kinakufa. Ya pili PSM I ya Scrum.org, hii unalipia mtihani tu, mimi nililipa dola 150 na sasa hivi ni 200, unafanyia nyumbani na cheti hakina mwisho. Nikachukua hii ya pili na mpaka leo naona kwa mtu anayejilipia mwenyewe ndo ya maana.

Mtihani wenyewe ni maswali 80 kwa dakika 60 na ufaulu ni asilimia 85, yaani upate 68. Swali moja lina sekunde 45 hivi kwa hiyo kusema utafungua kitabu utafute jibu, muda huo haupo. Chanzo cha yote ni Scrum Guide ambayo Ken Schwaber na Jeff Sutherland wanaitoa bure mtandaoni, haifiki hata kurasa 15. Niliisoma kama mara 6.

Kosa nililofanya mwanzoni ni kusomea noti za rafiki yangu mmoja, kumbe zilikuwa za zamani. Zilisema timu ni watu 3 mpaka 9 na kwamba kwenye kikao cha kila siku kila mtu anajibu maswali matatu, jana umefanya nini, leo unafanya nini, nini kinakukwamisha. Toleo la Novemba 2020 limeyatoa yale maswali na timu sasa ni watu 10 au pungufu. Nikazitupa nikaanza upya na lile jaribio lao la bure la maswali 30, linaitwa Scrum Open, nikarudia mpaka napata yote mara tatu mfululizo.

Kitu kilichonisaidia ni kwamba sikuwa na mazoea. Wenzangu wa IT niliosoma nao walikuwa wanajibu wanavyofanya ofisini kwao. Mfano swali la nani ana mamlaka ya kufuta sprinti, yaani kile kipindi kifupi ambacho timu inajipangia kazi zake, wao wanasema bosi au timu nzima, wakati Guide inasema ni Product Owner peke yake, yule anayeamua kazi gani itangulie. Nilipata asilimia 91.

Sasa kufaulu ni jambo moja na kazi ni jambo lingine.

Kabla ya hapo tulishawahi kuchapisha vipeperushi 2,000 vya wajawazito, namba ya simu ikakosa tarakimu moja. Mchoraji alisema amemaliza, akimaanisha ametuma faili. Mimi nilisikia amemaliza nikajua daktari ameshapitia. Daktari hakuwa ameiona kabisa. Wahudumu wa kujitolea walikaa siku mbili wanaandika ile tarakimu kwa kalamu, kipeperushi kimoja kimoja, na mi nilikaa nao kwa sababu roho iliniuma sana.

Kwenye Scrum kuna kitu kwamba mnakubaliana mapema kazi "imeisha" maana yake nini. Hicho ndo nilichokibeba siku ya kwanza kabisa. Tukaandika kwenye karatasi tukabandika ukutani: daktari amesoma na kusaini, kila namba ya simu imepigwa na ikapokelewa, nembo za wafadhili zimehakikiwa, nakala moja ya mfano imechapishwa tukaishika mkononi, na akina mama wawili wa kliniki wamesoma kwa sauti halafu wakaeleza kwa maneno yao. Hicho cha mwisho kilitulipa mapema sana. Kipeperushi kilichofuata kilikuwa na neno "kinga tiba", mama wa kwanza akasoma vizuri tu, tulipomuuliza ameelewa nini akasema ni chandarua. Tukabadilisha tukaandika "dawa ya kukuzuia usipate malaria ukiwa mjamzito". Kama tungechapisha vile vile wala tusingejua.

Sprinti zenyewe zilitushinda. Tuliweka za wiki mbili, ya kwanza tulipanga kazi 6 ikaisha 0, ya pili tukapanga 5 ikaisha 1, watu wakaanza kukata tamaa na kuniangalia vibaya. Nilikaa nikatafakari nikaona shida si uvivu. Scrum inataka timu iwe na ujuzi wote wa kumaliza kazi ndani yake, na sisi kazi yetu inaishia kwenye saini za watu wa nje, idhini ya ofisi nyingine, manunuzi yanasubiri bei za wachapaji watatu. Mwenye programu anaweza kuiachia kazi yake leo jioni, mi siwezi kuchapisha bila saini. Sprinti inakuonyesha tu kwamba umekwama, kukukwamua haiwezi.

Nikaacha sprinti, nikabaki na ubao wa vikaratasi vya kunata, nikaongeza safu ya "inasubiri saini" na sheria kwamba haziruhusiwi kukaa zaidi ya 3 humo, zikifika 3 hatuanzi kazi mpya, tunafuatilia zilizopo. Kila kikaratasi kina tarehe ya kuingia. Hii ni Kanban na kwenye mtihani wangu haikuwepo, nimejifunza bure. Baada ya mwezi nikamwita bosi aje asimame mbele ya ubao, kikaratasi cha zamani kilikuwa na siku 19. Hakuhitaji maelezo, akaenda kuongea na wahusika, wakakubali Alhamisi iwe siku ya kusaini vitu vyetu. Kusubiri kukashuka mpaka kama wiki moja.

Kuhusu ajira, nimeitwa usaili mara mbili tangu nikipate. Kule kwenye shirika lingine la afya watu wanne mezani, hakuna hata mmoja aliyeuliza cheti, waliuliza habari ya kipeperushi na ubao na tuliongea karibu nusu saa hapo hapo. Kule kwingine ni benki, kitengo chao cha huduma za simu, wale walinipigia kwa sababu ya PSM kwenye sivii, waliniambia wazi. Lakini kitengo kile kimejaa waandishi wa programu, wanatumia lugha hiyo kila siku. Kwa hiyo ukitaka kuhamia karibu na watu wa IT hizo dola 200 zina kazi. Ukibaki kwenye fani yako, soma Guide, ni bure, na ujaribu kitu kimoja.

Mwezi uliopita dada wa manunuzi ofisini kwetu alikuja na tangazo la darasa la siku 2, alikuwa tayari kukopa kwenye kikoba. Nikamuuliza, dada yangu, matangazo ya kazi unayoyaomba yanataka nini? Tukafungua 8 pamoja kwenye simu yake. Yote yanataka usajili wa PSPTB, ile bodi ya wataalamu wa manunuzi na ugavi, Agile haikuwepo hata kwenye moja. Ameshajiandikisha mitihani ya bodi, na Guide nimemprintia anaisoma kwenye daladala.