Jumamosi kwa Jumamosi: nilivyolinganisha mauzo na mwaka jana

Hatimaye nimepumua. Duka letu la unga hapa Lubumbashi huuza sana Jumamosi, lakini kwenye ripoti kila Jumamosi ilionekana imepanda mno na kila Jumapili imeanguka. Nilihesabu risiti upya, nikatafuta mistari iliyojirudia, wapi! Tatizo lilikuwa `MOIS.DECALER(A2;-12)` ya Excel ya Kifaransa, inayorudi tarehe ileile miezi 12 nyuma: 15 Machi 2025 ni Jumamosi, ila 15 Machi 2024 ilikuwa Ijumaa.

Nikarudi nyuma siku 364, yaani wiki 52 kamili, safu A ikiwa na tarehe na B mauzo:

```
=SOMME.SI(A:A;A2-364;B:B)
```

Ikaangukia 16 Machi 2024, Jumamosi. Siri ni 364, si 365, maana 365 haigawanyiki kwa 7. Pasaka tu naipanga kwa mkono: ilitoka 31 Machi 2024 ikaenda 20 Aprili 2025.