Nilibonyeza mara moja, ubao ukaandika 11

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni ulikuwa kaunta ya watu wanaoingia mlangoni: kihisi kinatoa ishara, FPGA, yaani chipu unayoipangia saketi yake mwenyewe, inahesabu, namba inaonekana kwenye taa mbili za tarakimu. Kabla ya kufunga kihisi nilitumia kitufe cha kwenye ubao wenyewe wa FPGA. Unabonyeza, namba inapanda. Nilijipa wikendi moja kumaliza sehemu hiyo, ikanichukua karibu wiki tatu. Sababu yenyewe ilikuwa alama moja niliyoidharau ya Verilog, lugha ya kuelezea saketi.

Hesabu ilikuwa na rejista mbili, moja ya mamoja na nyingine ya makumi, zote zikianzia 0. Hivi ndivyo nilivyoiandika mara ya kwanza:

```verilog
always @(posedge clk)
  if (bonyezo)
    mamoja = (mamoja == 9) ? 0 : mamoja + 1;

always @(posedge clk)
  if (bonyezo && mamoja == 9)
    makumi = makumi + 1;
```

`bonyezo` ni ishara inayodumu mdundo mmoja tu wa kloki, ile ishara inayopanda na kushuka kwa mwendo uleule, kila kitufe kinapobonyezwa. Wazo lilikuwa rahisi: mamoja yakiwa 9 na kitufe kikabonyezwa tena, mamoja yarudi 0 na makumi yaongezeke moja. Nilikuwa nimetoka kwenye lugha ya C, na `=` ilinijia mkononi bila kufikiri.

Kwenye simuleta ya laptopu yangu, programu inayoiga saketi kabla ya kuipakia, namba zilienda vizuri mpaka 08, kisha badala ya 09 ikaja 19. Mbonyezo uliofuata ukaleta 10, ambayo ni sawa, na nikaendelea hivyo mpaka 18, kisha 29. Nikajiambia makumi yanawahi kwa hatua moja, basi niyacheleweshe. Nikabadilisha sharti la bloku ya pili: badala ya `mamoja == 9` nikaweka `mamoja == 0`. Simuleta ikatulia. 09, 10, 11, hadi 99 bila kosa. Nilifurahi, na sikujiuliza hata kidogo kwa nini sharti lisilo na mantiki ndilo lililofanya kazi.

Nikapakia kwenye ubao. Nikabonyeza mara moja. 11. Nikazima, nikawasha, nikabonyeza tena: 13. Safari nyingine 12.

Hapo nikafanya kosa ambalo hata leo silioni kuwa la kipumbavu: nikakilaumu kitufe. Vitufe kweli hurukaruka. Chuma kikigusana na chuma hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na FPGA yenye kloki ya 50 MHz huona kila mdundo. Nikaandika mchujo unaosubiri ishara itulie kwa milisekunde 20 kabla ya kuikubali, yaani midundo 1,000,000 ya kloki, na kwa hiyo kaunta ya biti 20. Ulinichukua siku mbili. Nilipopakia upya, zile 12 na 13 zilikwisha. Ila sasa kila nikiwasha na kubonyeza mara moja, naona 11. Kila mara. 11, 12, 13 mpaka 19, kisha 10, kisha 21.

Ningekuwa makini, utaratibu huo ungenitosha. Kitufe kibovu hukosea ovyo. Hakiwezi kukosea kwa namna ileile mara ishirini mfululizo. Tena mbonyezo wa kumi ulileta 10 na wa ishirini ukaleta 20, sahihi kabisa. Kitu kinachokosea kwa nidhamu kiasi hicho kimeandikwa kikosee.

Nilipeleka ubao kwa dada fundi wa maabara yetu, ambaye amezoea kuona wanafunzi wakija na sura kama yangu. Hakugusa kitufe wala nyaya. Alifungua faili, akasoma mistari ile sita, akauliza:

"Makumi yanasoma mamoja yapi? Ya kabla ya kloki au ya baada?"

Nikamjibu, "Dada, kwenye simulesheni ni ya baada. Ndiyo maana nimeweka sifuri."

"Nani kakwambia ni ya baada?"

Sikuwa na jibu. Akachukua faili langu bila kubadilisha herufi, akaliendesha kwenye simuleta ya kompyuta ya maabara, ambayo si ile niliyokuwa nayo. Mbonyezo wa kwanza: 11. Faili lilelile, simuleta mbili, majibu mawili, na ile ya maabara ilikubaliana na ubao.

Alinieleza hivi, nami naandika kama nilivyokuja kuelewa baadaye kwa kuchora mwenyewe kwenye karatasi. Kloki inapopanda, bloku zote za `always @(posedge clk)` huamshwa kwa pamoja. Lakini simuleta ni programu ya kawaida, lazima iziendeshe moja baada ya nyingine, na kanuni za lugha hazisemi ianze na ipi. Alama `=`, ile inayoitwa blokingi, huandika thamani mpya papo hapo, kabla ya mstari unaofuata. Kwa hiyo simuleta yangu ilianza na mamoja: yakatoka 8 kwenda 9, yakaandikwa, na bloku ya makumi ilipofika zamu yake ikakuta 9 tayari. Ndiyo ile 19. Simuleta ya maabara ilianza na makumi, yakasoma mamoja ya zamani. Zote mbili zilikuwa na haki.

Ubao wenyewe hauna zamu. Kila biti ya mamoja ni flipflopu, kumbukumbu ndogo ya biti moja, na bloku ya makumi imeunganishwa kwa waya kwenye mdomo wa flipflopu hiyo. Kloki inapopanda, kila flipflopu hunasa kilichokuwa mlangoni mwake wakati ule, kwa hiyo makumi hunasa kilichotokana na mamoja ya *zamani*. Sasa weka sharti langu la sifuri hapo. Ubao umewashwa, mamoja ni 0. Nabonyeza: mamoja yanakwenda 1, na makumi, yakiwa yameona 0 ya zamani, nayo yanakwenda 1. Hiyo ni 11. Mbonyezo wa kumi: mamoja ya zamani ni 9, makumi hayasogei, mamoja yanarudi 0, inasomeka 10. Wa kumi na moja: mamoja ya zamani ni 0, makumi yanapanda, 21. Nilipofika hapo kwenye karatasi nilicheka peke yangu. Ubao ulikuwa umetii kila nilichoandika. Msimbo wangu wa kwanza kabisa, ule wa `== 9`, ungefanya kazi vizuri kwenye ubao. Niliuharibu kwa kuurekebisha uendane na bahati ya simuleta.

Dawa ilikuwa kurudisha 9 na kutumia `<=`, ile nonblokingi:

```verilog
always @(posedge clk)
  if (bonyezo)
    mamoja <= (mamoja == 9) ? 4'd0 : mamoja + 4'd1;

always @(posedge clk)
  if (bonyezo && mamoja == 9)
    makumi <= (makumi == 9) ? 4'd0 : makumi + 4'd1;
```

Kwa `<=` simuleta hupiga hesabu ya upande wa kulia sasa hivi, lakini jibu huliweka pembeni. Bloku zote zilizoamshwa zikishamaliza kusoma, ndipo majibu yote yanaandikwa. Ianze na mamoja au na makumi, wote wanaona ya zamani, kama flipflopu zinavyoona. Simuleta zote mbili na ubao vikasema kitu kimoja.

Karibu nijikwae tena jioni hiyohiyo. Niliweka `$display` chini kabisa ya bloku ya mamoja ili nione thamani ikibadilika, nikaona ya zamani, nikadhani `<=` haifanyi kazi. Kumbe `$display` huchapisha palepale, kabla ya yale majibu ya pembeni kuandikwa. Ukitaka thamani ya mwisho ya wakati ule, tumia `$strobe`. Na mawimbi ya simuleta mbili bado yalitofautiana kwa mdundo mmoja, nanosekunde 20, ingawa namba zilikuwa sawa. Hilo lilitoka kwenye msimbo wangu wa majaribio, uliokuwa ukisubiri `@(posedge clk)` kisha kuandika `kitufe = 1`, yaani mashindano yaleyale nimeyahamishia nje ya saketi. Nikaufanya ubadilishe kitufe kloki inaposhuka, tofauti ikaisha.

Sikuifukuza `=` kabisa. Bloku inayogeuza tarakimu kuwa taa saba haina kloki, ni `always @*` yenye `case`, na humo `=` ndiyo mahali pake: pale nataka kila mstari uone jibu la mstari ulioutangulia, kwa kuwa hakuna kumbukumbu yoyote, ni mageti ya mantiki tu. Dada fundi hutumia `=` hata ndani ya bloku ya kloki, kwa kigeu cha muda mfupi kinachoandikwa kwanza na kusomwa humohumo, ambacho hakuna bloku nyingine inayokigusa. Mimi bado naogopa. Naandika hesabu hiyo nje kwa `assign`, na halinisumbui.

Kilichobaki kunikera ni kitu kimoja. Sehemu inayotengeneza `bonyezo` sikuiandika mimi, niliinakili kwa mwenzangu, nayo ilikuwa na `<=` tangu siku ya kwanza:

```verilog
always @(posedge clk) begin
  s1 <= kitufe;
  s2 <= s1;
  s3 <= s2;
end
assign bonyezo = s2 & ~s3;
```

Kwa wiki tatu nilikuwa naiona na sikuuliza kwa nini. Basi siku moja, kwa udadisi tu, nikabadilisha alama zote tatu kuwa `=`. Sasa s1 inachukua kitufe, s2 inachukua s1 ambayo tayari ni kitufe, na s3 hali kadhalika. Flipflopu tatu zenye thamani moja ni flipflopu moja, na s2 ikilingana na s3 daima, `bonyezo` haiwezi kuwa 1 kamwe. Programu inayogeuza msimbo kuwa saketi iliona hivyohivyo. Haikutoa kosa, ilitoa maonyo tu, katikati ya maonyo mengine mengi ambayo nimezoea kuyapita: `bonyezo` ni 0 siku zote, kwa hiyo rejista za mamoja hazibadiliki, zimefutwa; za makumi, zimefutwa; na kwa kuwa hakuna tena anayesoma kitufe, mchujo wangu wa siku mbili nao, biti zake zote 20, umefutwa. Ubao ukawaka vizuri kabisa, ukaandika 00.